Upau wa zana umehama baada ya apdeti na mteja anasema kazi haiendi: tatizo ni lipi hasa?

Hii ni kwa yeyote anayekaa sapoti na kupokea imeili za watu wenye hasira baada ya apdeti. Malalamiko ya "mmehamisha upau wa zana" yanachukuliwa kirahisi sana, wengi tunajibu "utazoea tu" na kufunga tiketi, na kuna wakati ni kweli mtu atazoea, lakini mara nyingi ndani ya imeili moja kuna matatizo manne au matano yamefungwa pamoja na mteja ameyapa jina moja kwa sababu yote yalianza siku moja. Katika hayo ni moja tu linaloisha lenyewe. Mengine mtu hata akikaa mwaka hayaishi.

Tuchukue imeili ya mfano, halafu tuichambue:

"Habari za kazi ndugu zangu wa sapoti. Naomba mnisaidie kabla sijachanganyikiwa. Tangu mlivyoapdeti programu upau wa zana umetoka juu umeenda pembeni kulia, na mimi kazi yangu ni kuingiza risiti kutwa nzima, kama 200 kwa siku, kila moja nabonyeza Hifadhi halafu Mpya. Zamani mkono ulikuwa unaenda wenyewe sasa kila saa nasimama natafuta. Kishale kinanikimbia kinaingia skrini ya pili. Kitufe cha Chapisha kuna wakati kipo kuna wakati hakipo. Halafu nikishabonyeza Mpya naandika namba haiandiki kitu mpaka nibonyeze tena kwenye kisanduku. Nilikuwa namaliza saa kumi, sasa hivi natoka saa kumi na moja na nusu. Mwenzangu mashine yake haijaapdetiwa anafanya kazi kama kawaida. Rudisheni ilivyokuwa. Ahsanteni."

Usianze na upau, anza na saa. Anasema amepoteza saa moja na nusu, yaani dakika 90, ambazo ni sekunde 5,400. Gawanya kwa risiti 200, unapata sekunde 27 kwa kila risiti. Sasa jiulize, kila risiti anabonyeza upau mara mbili, inawezekanaje kitufe kuhama pembeni kikale sekunde 27? Haiwezekani, hata kama angekuwa anakitafuta kila mara. Kwa hiyo kabla hujampigia mteja ushajua kuna kitu kingine humo ndani, na kipo kwenye imeili yenyewe ila yeye kakiandika katikati kama jambo dogo tu. Hiyo hesabu fanya kila mara. Hata kama anakisia muda, kisio lake linakuonyesha ukubwa wa tatizo, kama ni la sekunde au la dakika.

Kwanza hakikisha ni apdeti kweli

Hili halichukui muda. Pau nyingi zinaweza kuburutwa, mtu akishika vibaya ile sehemu ya kushikia upau unahamia pembeni, na kama ilitokea wiki ileile ya apdeti basi apdeti ndo inabeba lawama. Muulize mwingine mwenye toleo jipya upau wake uko wapi. Kama wa kwake uko juu basi huyu wa kwetu umeburutwa au mpangilio wake binafsi umefutika. Ukifutika utajua tu, manake hapotezi upau peke yake, na upana wa safu, ukubwa wa herufi na faili za karibuni vinakuwa vimerudi kama programu mpya kabisa. Kwenye LibreOffice kwa mfano unaurudisha kwa kuuburuta halafu unaufunga usihame tena kwa kubofya upau wenyewe kitufe cha kulia cha kipanya na kuchagua Lock Toolbar Position, na kama sura yote imebadilika unaangalia View > User Interface. Programu yenu nayo huenda ina kitu cha namna hiyo.

Kwa mteja wetu wote wenye toleo jipya upau uko kulia, kwa hiyo ni muundo mpya na yeye hajagusa kitu. Tuendelee.

"Kila saa nasimama natafuta"

Hii ndo ile ya mazoea ya mkono. Mtu aliyebonyeza sehemu moja miezi na miezi hasomi tena ikoni, mkono unaanza kwenda kabla jicho halijafika. Ukihamisha kitufe, mkono bado unaenda palepale pa zamani, anagundua hapo hapana kitu, anasimama, anaanza kusoma ikoni moja moja kama mgeni. Inachosha kuliko inavyoonekana, kwa sababu kila akisimama anasahau na namba aliyokuwa anaisoma kwenye karatasi.

Dalili yake ni kwamba kila siku inapungua. Muulize leo ni afadhali kuliko juzi? Akisema ndiyo, hili linakwenda lenyewe. Lakini kuna mambo mawili yanayolizuia lisiishe. La kwanza ni ikoni zisizo na maandishi, hasa kama apdeti imezibadilisha na michoro, hapo mtu anajifunza mahali papya na sura mpya kwa pamoja, basi kama kuna mpangilio wa kuonyesha majina chini ya ikoni uwashe. La pili ndo watu wengi hawalioni, na liko kwenye imeili: mashine ya mwenzake haijaapdetiwa. Kama hawa wawili huwa wanabadilishana mashine au mmoja anamshikia mwenzake zamu, hatazoea, kwa sababu kila akianza kuzoea pembeni anakaa kwenye mashine ambayo upau uko juu na mkono unarudi ulikotoka. Mashine zote za ofisi moja ziwe toleo moja, liwe la zamani au jipya.

Tuseme anapoteza sekunde 3 kila anapotafuta, na anabonyeza mara 400 kwa siku. Hiyo ni dakika 20. Bado tuna dakika 70 hazijulikani zilipo.

Kitu kimoja cha kuogopa hapa: palepale kitufe cha zamani kilipokuwa sasa hivi kuna nini? Kama pamewekwa Futa au Funga, mkono utakibonyeza bila kuuliza. Hilo likiwepo acha mengine yote ulipeleke kwa madevelopa siku hiyohiyo.

"Kishale kinanikimbia"

Hapa hata kama amezoea na anajua kitufe kiko wapi, kukifikia kwenyewe kunachukua muda zaidi. Paul Fitts, mwanasaikolojia wa Marekani, alionyesha mwaka 1954 kwamba muda wa kufikia kitu unategemea mambo mawili, kiko mbali kiasi gani na kina upana gani. Ugumu wake unaandikwa hivi, ID ni huo ugumu, D ni umbali na W ni upana:

```
ID = log2(2D / W)
```

Zamani kitufe cha Hifadhi kilikuwa juu kidogo tu ya fomu, tuseme pikseli 200 kutoka kisanduku cha mwisho, na upana wake pikseli 80 kwa sababu kilikuwa na neno. Hiyo inatoa log2 ya 5, yaani kama 2.3. Sasa hivi kiko pikseli 1,500 upande wa pili wa skrini pana, na kimebaki ikoni ya pikseli 24. Hapo ni log2 ya 125, kama 7. Ugumu umepanda karibu mara tatu, ila usimwambie mtu kwamba muda nao umekuwa mara tatu, manake kila namba moja ikiongezeka hapo ni kipande kidogo cha sekunde. Hata tukiwa wakarimu tukasema sekunde nzima kwa kila mbonyezo, mara 400 ni chini ya dakika 7 kwa siku. Sio kidogo, na haiishi kwa kuzoea, lakini bado sio saa moja na nusu.

Sasa hiyo ya kukimbia. Kitufe kikikaa kwenye ukingo kabisa wa skrini kinatakiwa kiwe rahisi, kwa sababu unasukuma kipanya kwa nguvu na kishale kinagonga ukingo kinasimama, huhitaji kulenga. Bila shaka aliyepanga huu upau mpya aliwaza hivyo. Ila alikuwa anawaza mtu mwenye skrini moja. Mteja wetu ana monita kubwa kushoto na laptopu kulia, kwa hiyo huo ukingo wa kulia sio ukuta, ni mlango, kishale kinapita moja kwa moja kinaingia laptopu. Anakirudisha polepole, anakipita tena.

Kumpima ni rahisi, mwambie afungue programu palepale ila azime hiyo skrini ya pili kwa muda. Kama kukimbia kumeisha basi ni hilo. Dawa kwenye Windows ni Settings > System > Display, pale juu kuna vile visanduku vya skrini vyenye namba, unaburuta kile cha laptopu unakiweka kushoto kwa monita, halafu na laptopu yenyewe unaihamishia kushoto mezani ili picha na meza vifanane. Ukingo wa kulia unarudi kuwa ukuta. Kama meza haimruhusu, basi apunguze dirisha la programu lisijaze skrini nzima, alifanye jembamba kiasi cha fomu tu, upau utalifuata dirisha, na zile pikseli 1,500 zinaweza kushuka mpaka 500 au chini ya hapo. Watu wengi hawaliwazi hili kwa sababu wamezoea dirisha kujaa skrini.

"Kuna wakati kipo kuna wakati hakipo"

Ukisikia hivi uliza ukubwa wa skrini, usihangaike na programu kwanza. Upau ulipokuwa juu ulikuwa na upana wote wa skrini wa kujipanga. Sasa umesimama wima, na skrini nyingi ni fupi kuliko zilivyo pana. Laptopu yake ni 1366 kwa 768 na ukuzaji umewekwa 125% ili aone vizuri, kwa hiyo urefu unaobaki kutumika ni 768 gawa kwa 1.25, kama 614. Toa kichwa cha dirisha, menyu na upau wa kazi wa chini, unabaki na kama 500 hivi. Vitufe 16 vya pikseli 36 kila kimoja vinataka 576. Havitoshi, basi vya mwisho vinafichwa nyuma ya kile kialama cha » chini kabisa, na Chapisha yupo humo. Programu ikiwa kwenye monita kubwa anakiona, akiisogeza kwenye laptopu kinapotea. Hakuna uchawi.

Aondoe kwenye upau vile vitufe asivyovigusa kamwe, au apandishe Chapisha karibu na juu. Kushusha ukuzaji mpaka 100% kutakirudisha lakini macho yake ndo yatalipa, mimi sipendi kumwambia mtu hivyo.

"Naandika namba haiandiki kitu"

Hapa ndo dakika zetu zilipo. Na ndo sentensi ambayo ukisoma imeili haraka unairuka, kwa sababu haimtaji hata upau.

Zamani akibonyeza Mpya fomu tupu inafunguka na kile kistari kinachopepesa kinakuwa tayari kisanduku cha kwanza, anaanza kuandika bila kuangalia. Kwenye programu nyingi vitufe vya upau wa zana vimetengenezwa visishike kibodi ukivibonyeza, ukibonyeza kinafanya kazi yake na kibodi inabaki kwenye fomu. Upau ulipohamishwa pembeni kuna uwezekano mkubwa haukuhamishwa, umeandikwa upya kama paneli yenye vitufe vya kawaida, na kitufe cha kawaida ukikibonyeza kibodi inabaki kwake. Kwa hiyo mteja anabonyeza Mpya, macho yako kwenye karatasi, anaandika tarakimu saba, hazionekani popote kwa sababu zimeandikwa kwenye kitufe, halafu anapiga Enter kama alivyozoea. Na kwenye programu nyingi Enter kwenye kitufe ni sawa na kukibonyeza. Mpya inajibonyeza tena. Sasa ana risiti tupu ambayo hakuiomba, na kwenye baadhi ya programu hiyo risiti tupu inachukua namba yake ya mfululizo, baadaye anatafuta kwa nini namba zinaruka, anafuta moja moja, anaanza upya.

Hapo sekunde 27 hazishangazi tena. Kuandika mara mbili, kubonyeza kisanduku, na mara mojamoja kufuta tupu.

Jinsi ya kuhakikisha: mwambie abonyeze Mpya kwa kipanya, aachie kipanya kabisa, aandike 5. Ikitokea kwenye kisanduku cha kwanza, sio hili. Isipotokea, mwambie apige mwambaa wa nafasi mara moja na aangalie kama fomu mpya nyingine imefunguka. Ikifunguka umemaliza uchunguzi, ila mwambie afanye kwenye data ya majaribio kama ipo, tusimwongezee takataka. Ushahidi mwingine uko kwenye data yenyewe, pekua risiti tupu zilizotengenezwa kuanzia tarehe ya apdeti na linganisha na wiki ya kabla. Kama zimeongezeka ghafla huna haja ya kubishana na mtu.

Wakati anasubiri marekebisho, aache kabisa kubonyeza upau kwa vile vitufe viwili. Kama programu inakubali Ctrl+S na Ctrl+N, kibodi haiondoki kwenye fomu kwa hiyo tatizo halitokei, na ile safari ya pikseli 1,500 nayo inakufa hapohapo. Mwandikie kwenye karatasi abandike chini ya monita. Ila wewe mwenyewe zijaribu kwanza kwenye toleo jipya, manake apdeti inayogusa upau wakati mwingine inagusa na hizo, na hakuna kinachomuudhi mteja mwenye hasira kama kupewa njia ya mkato isiyofanya kazi.

Ombi lake la "rudisheni ilivyokuwa"

Kumrudisha toleo la zamani kunawezekana pengine, lakini uliza kwanza kama faili zilizohifadhiwa na toleo jipya zinafunguka kwenye la zamani, mara nyingi hazifunguki au zinapoteza kitu, na marekebisho ya usalama yaliyokuja na apdeti yanaondoka nayo. Kwa mtu mwenye risiti za wiki nzima ndani ya toleo jipya hiyo ni hatari kuliko faida.

Jibu lake liwe fupi na usimwambie atazoea. Kitu kama hiki:

"Habari dada, pole sana kwa usumbufu. Tumeisoma imeili yako yote. Hiyo ya namba kutokuandika baada ya kubonyeza Mpya ni hitilafu ya kwetu, sio wewe, na nadhani ndiyo inakula muda mwingi zaidi. Tumeipeleka kwa mafundi. Kwa leo tumia Ctrl+N badala ya kubonyeza Mpya na Ctrl+S badala ya Hifadhi, hapo kibodi itabaki kwenye fomu. Kishale kukimbia na Chapisha kupotea vinatokana na skrini zako mbili, nikikupigia mchana tunavimaliza kwa simu. Na kama ukikuta risiti tupu usizifute bado, nitumie namba zake."

Hizo namba unazihitaji kwa tiketi ya madevelopa. Ukiwaandikia "mteja hapendi upau mpya" watakujibu kwamba muundo umeshapitishwa, na hawajakosea, kwa sababu umewapelekea maoni. Wapelekee hitilafu, kitu wanachoweza kukirudia kwenye mashine zao:

"Toleo jipya, fomu ya risiti. 1. Bonyeza Mpya kwenye upau wa kulia kwa kipanya. 2. Andika tarakimu yoyote bila kugusa kipanya. 3. Piga Enter. Kilichotarajiwa: tarakimu iingie kisanduku cha kwanza, kama toleo lililopita. Kinachotokea: tarakimu inapotea, Enter inafungua risiti nyingine tupu. Athari: risiti tupu kwenye data, orodha imeambatishwa. Njia ya muda: Ctrl+N."

Kukimbia kwa kishale na vitufe kufichwa kwenye skrini fupi viandike tiketi mbili tofauti, kila moja na ukubwa wa skrini, ukuzaji na mpangilio wa monita. Ukizichanganya zote tatu kwenye tiketi moja watarekebisha iliyo rahisi, watafunga, na mteja wako atakuandikia tena wiki ijayo.

Baada ya siku chache muulize tena anatoka saa ngapi. Akisema saa kumi na robo, hiyo robo ni mkono bado unajifunza, na hapo sasa ndo unaweza kumwambia avumilie kidogo. Akisema bado saa kumi na moja, muombe arekodi skrini akiingiza risiti tano tu, uangalie mikono yake inasimama wapi.